Dukani kwa Baba, na Namna ya Kumwandikia Mwajiri

"Sijawahi kuajiriwa, ila nimekuwa nikimsaidia baba dukani." Ujumbe wa namna hii huwafikia maofisa ajira kila wanapotangaza nafasi, na mara nyingi hauendi mbali. Anayeupokea ana ujumbe mwingine mwingi wa kusoma kabla ya saa sita. Akikuta mwombaji ameanza kwa kutaja asichonacho, kisha akafunga kwa jambo lisilo na umbo, hana sababu ya kupiga simu. Hajaambiwa duka ni la nini, kijana alishika kazi gani humo, wala kwa muda gani.

Tuchukue mfano wa binti mwenye stashahada ya uhasibu, ambaye tangu Machi 2023 anashinda kwenye duka la vifaa vya ujenzi la familia yao Morogoro mjini. Hana mshahara, anakula nyumbani, na nauli anapewa. Kampuni ya usambazaji imetangaza nafasi ya mtunza stoo. Kabla hajaandika neno lolote, ningemshauri ajiulize swali moja: nisipofika dukani siku tatu, ni kazi gani zitakwama? Kufagia na kupanga ndoo za rangi hakutakwama, mdogo wake atafanya. Lakini hakuna mwingine anayelinganisha mzigo na ankara ya msambazaji gari linaposhusha. Hakuna mwingine anayetoa ripoti ya Z kwenye mashine ya EFD jioni na kuilinganisha na fedha za droo na miamala ya lipa namba. Daftari la madeni ya mafundi ni yeye analiandika. Hizo ndizo kazi zake, na ndizo za kumpelekea mwajiri.

Kati ya hizo achague ile inayofanana na nafasi iliyotangazwa, kisha aingie ndani yake. Tuseme duka lina aina zipatazo 140 za bidhaa, na kila mwisho wa mwezi hesabu ya stoo ilikuwa haikubaliani na daftari. Mzee alidhani kuna wizi. Binti alipoanza kuhesabu aina moja moja aliona kwamba saruji, mabati na nondo hazipungui, maana huuzwa kwa mfuko, kwa bati na kwa kipande. Kinachopungua ni misumari ya kupimwa kwa kilo na waya wa kukatwa kwa mita. Muuzaji humwongezea mteja misumari michache ili mzani uinamie upande wake, na kila mkato wa waya huzidi kidogo. Rola ya mita 100 inaisha wakati daftari linaonyesha bado zipo mita nne au tano. Akaamua vitu vya kupimwa vihesabiwe kila Jumamosi na vilivyobaki kila mwisho wa mwezi, na waya ukatwe kwa alama zilizochorwa mezani. Mtu aliyewahi kusimamia ghala akisoma habari hiyo anajua papo hapo kwamba aliyeiandika amefanya kazi ya stoo. Haiwezi kutungwa kirahisi na mtu aliyekaa nyumbani.

Basi ujumbe wake, uwe wa barua pepe au wa simu, unaweza kuwa hivi:

"Habari za asubuhi. Ninaomba nafasi ya mtunza stoo mliyoitangaza kwa tawi la Morogoro. Nina stashahada ya uhasibu. Tangu Machi 2023 hadi sasa nasimamia stoo ya duka la familia yetu la vifaa vya ujenzi, lenye aina zipatazo 140 za bidhaa, siku sita kwa wiki. Napokea mzigo na kuulinganisha na ankara, nahesabu stoo, na kufunga hesabu za kila siku kwa EFD. Niligundua kwamba upungufu wetu ulitokana na bidhaa za kupimwa, nikaanzisha hesabu ya kila wiki kwa bidhaa hizo. Msambazaji wetu wa saruji na mhasibu anayetuandalia ritani za kodi wako tayari kuzungumza nanyi. Naambatanisha wasifu wangu. Ahsante."

Tazama kwamba neno "familia" limo, tena mapema. Wengi hulificha kwa kutaja jina la biashara peke yake na kujiita Meneja Mkuu wa Operesheni. Afisa ajira akipiga simu akapokea baba mtu, au akaona jina la ukoo kwenye leseni ya biashara ni lile lile la mwombaji, hata yale ya kweli yanaanza kutiliwa shaka. Cheo kitokane na kazi: msimamizi wa stoo, karani wa mauzo. Kwa sababu hiyo hiyo, mdhamini asiwe mzazi. Baba atamsifu mwanawe, na kila mtu anajua hilo. Msambazaji aliyewahi kubishana na binti huyu juu ya mifuko iliyopasuka njiani ana ushuhuda wenye uzito zaidi, ila aombwe ruhusa kabla jina lake halijatolewa.

Jambo moja la heshima linasahaulika. Mauzo ya duka kwa shilingi na majina ya mafundi wanaodaiwa ni siri ya nyumba. Idadi ya bidhaa na ratiba ya kuhesabu vinatosha. Kiasi cha fedha kisitajwe bila idhini ya mzee.

Kwa aliyejitolea, mfano mwalimu anayefundisha shuleni bila ajira, kanuni ni ile ile, ila yeye ana nafasi ya kupata barua. Amwombe mkuu wa shule barua yenye muhuri inayotaja tarehe alizoanza na kumaliza, masomo, madarasa na vipindi kwa wiki. Barua inayosema tu kwamba alikuwa kijana mwenye nidhamu haimsaidii sana. Kwenye ujumbe aandike "mwalimu wa kujitolea wa hisabati, kidato cha kwanza na cha pili, vipindi 12 kwa wiki", na aendelee na alichofanya. Hana haja ya kuomba radhi kwamba hakulipwa.

Penye hatari kubwa ni hesabu ya miaka. Aliyekuwa akikaa dukani likizo tu tangu kidato cha tatu hana uzoefu wa miaka sita. Ana miezi kadhaa ya kila mwaka, na aiandike hivyo. Aliyejitolea zahanati asubuhi mbili kwa wiki aseme ni asubuhi mbili. Na tangazo likidai uzoefu wa ajira rasmi wenye mkataba, au leseni ya taaluma, duka la nyumbani halizibi pengo hilo hata likielezwa vizuri namna gani. Hapo ni bora kutafuta nafasi nyingine kuliko kunyoosha maneno.

Simu ikipigwa, maswali hulenga palepale. "Dada, hapo dukani bosi wako ni nani?" Jibu ni baba yangu, bila kusita, kisha aeleze nani huamua kuagiza mzigo na nani huukagua. "Ulikuwa unalipwa shilingi ngapi?" Aseme ni biashara ya familia, hakuwa na mshahara, na ataje kiwango anachotarajia baada ya kuulizia nafasi kama hiyo inalipwa kiasi gani mjini kwao. Asibuni mshahara wa zamani ili apandishiwe dau, kwa sababu ombi la hati za malipo likija hatakuwa na cha kuonyesha.