Kabla ya kusaini fomu ya operesheni: hakikisha umeelewa mambo matatu

Mgonjwa anayepangiwa operesheni hupewa fomu ya ridhaa ili asaini au aweke alama ya kidole gumba. Kabla ya hapo anatakiwa kuelewa mambo matatu: madhara yanayoweza kumpata, kitu kingine kinachoweza kufanyika badala ya kupasuliwa, na kwamba anaruhusiwa kukataa. Fomu nyingi ziliandikwa kwanza kwa Kiingereza au Kifaransa, kisha zikatafsiriwa neno kwa neno. Msomaji anayajua maneno yote, lakini huenda akatoka na ujumbe mwingine.

Tuchukue mfano wa mwanaume mwenye ngiri ya kinena, yaani utumbo unasukuma na kutokeza uvimbe kwenye kinena. Hata jina la ugonjwa linahitaji uangalifu. Wengine huuita "mshipa", lakini neno hilo hutumika pia kwa busha na kwa mshipa wa damu. Fomu nzuri inaandika: "Uvimbe wa kinena, upande wa kulia."

1. Madhara yanayoweza kutokea

Fomu ikisema "Nimeelezwa hatari za operesheni", mmoja ataelewa kwamba operesheni inaua, mwingine ataona ni maneno ya kawaida tu. Tafsiri inayosaidia inataja kila dhara na inavyotokea mara ngapi, kwa kuhesabu watu. Kwa mfano: "Kati ya watu 100 wanaofanyiwa operesheni hii, wapatao 10 hubaki na maumivu ya kinena kwa miezi kadhaa au zaidi. Wachache kati yao huzuiwa na maumivu hayo kufanya kazi. Kidonda kinaweza kuingia usaha. Ngiri inaweza kurudi. Ni nadra, lakini korodani ya upande huo inaweza kudhurika."

Fomu iseme pia kama utachomwa sindano ya ganzi ukabaki macho, au utalazwa usingizi.

2. Kitu kingine kinachoweza kufanyika

Hapa ndipo tafsiri hupotosha zaidi. "Njia mbadala" inafanana na "tiba mbadala", na wengi hudhani fomu inazungumzia miti shamba. Afadhali fomu iulize: "Nini kingine kinaweza kufanyika, na nikingoja itakuwaje?"

Kwa ngiri ya kinena, kungoja ni jibu la kweli kwa baadhi ya wanaume. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia wanaume 720 ambao ngiri haikuwasumbua sana. Kati ya waliongoja, walionaswa utumbo ghafla walikuwa chini ya 2 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Hata hivyo, karibu robo yao walifanyiwa operesheni ndani ya miaka miwili, wengi kwa sababu maumivu yaliongezeka.

Matokeo hayo hayawahusu wanawake, kwa kuwa ngiri zao hunasa kwa urahisi zaidi. Hayamhusu pia mtu ambaye ngiri yake inamuuma sana au hairudi ndani. Anayeishi mbali na hospitali ya upasuaji naye azungumze na daktari kuhusu umbali huo. Anayengoja lazima ajue dalili za kunaswa: uvimbe unakuwa mgumu, unauma na haurudi ndani, kisha anatapika au hapati choo wala hewa. Hapo aende hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

3. Kukataa

"Ninaweza kuondoa ridhaa yangu" ni sentensi ambayo wengi hawaielewi. Maana yake ni hii: "Unaweza kusema hapana leo, au hata baada ya kusaini, kabla hujapewa dawa ya ganzi au ya usingizi. Ukikataa, utaendelea kutibiwa kwa njia nyingine, na mgao wako wa chakula hautaguswa."

Vilevile "hakuna dhamana" huwakumbusha watu dhamana ya polisi. Iandikwe: "Daktari hawezi kuahidi kwamba utapona kabisa."

Utajuaje kama umeelewa?

Fomu yenyewe hupimwa kwa kumpa mtu wa pili, ambaye hajaona ya kwanza, aitafsiri kurudi lugha ya mwanzo. Pale "kungoja" inaporudi ikiwa "dawa za kienyeji", kosa limeonekana.

Kwako wewe, kipimo ni kumweleza daktari kwa maneno yako mwenyewe: watanifanyia nini, nini kinaweza kuharibika, nikingoja itakuwaje, na nikikataa itakuwaje. Ukikwama kwenye moja, usisaini kwanza, omba uelezwe tena. Omba mkalimani wa hospitali badala ya mtoto wako au jirani, kwani ndugu mara nyingi huficha habari mbaya ili asikutishe. Kama hujui kusoma, fomu isomwe yote kwa sauti kabla hujaweka kidole.