Nusu ya Wakenya hawajafika miaka 20, lakini si hao wanaopiga kura

Kila msimu wa siasa ukikaribia, kuna sentensi inayozunguka jukwaani na redioni: “Wastani wa umri wa Mkenya ni miaka 20.” Wasee hupiga makofi, na mwanasiasa husonga mbele kuahidi ajira. Nambari hiyo 20 ni ya kweli. Neno “wastani” ndilo si lake.

Wastani ni ule tuliofundishwa darasani: unajumlisha umri wa watu wote, kisha unagawanya kwa idadi yao. Hiyo 20 haikupatikana hivyo. Ni umri wa kati, yaani ule unaogawa watu mara mbili, nusu wakiwa wadogo kuliko huo na nusu wakubwa. Wanahesabu huuita mediani. (Usiuchanganye na umri wa makamo, hayo ni mambo ya wazazi wetu.)

Chukua watu saba waliobanana viti vya nyuma vya matatu. Kuna mtoto wa miaka 3, wa miaka 9, mwanafunzi wa 16, kijana wa 20, mwingine wa 24, jamaa wa 31, na shosho wa miaka 72. Wapange kwa umri na uchague aliye katikati: ni yule wa 20, kwa sababu watatu ni wadogo kwake na watatu ni wakubwa. Sasa jumlisha miaka yao yote. Unapata 175, na ukigawanya kwa saba, wastani ni 25. Watano kati ya hao saba hawajafika hata huo wastani.

Shosho akishuka, kiti chake kichukuliwe na dadake mkubwa wa miaka 93, wastani unaruka hadi 28. Aliye katikati hajasogea, bado ni yule wa miaka 20. Mediani inataka tu kujua uko upande gani wa mstari, haijali uko umbali gani. Wastani hujali umbali, na katika umri umbali huo hauko sawa pande zote mbili. Kutoka 20 ukishuka, unagonga sifuri baada ya miaka 20 tu, lakini ukipanda unaweza kwenda miaka 70 au zaidi. Ndiyo maana mzee mmoja huvuta wastani kwa nguvu ambayo mtoto mchanga hana.

Sasa tuingie kwenye nchi nzima. Sensa ya Agosti 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, kwa hivyo nusu ni milioni 23.8. Jedwali la umri limepangwa kwa makundi ya miaka mitano, na kazi yako ni kujumlisha kutoka chini hadi ufikie nusu hiyo. Watoto wa miaka 0 hadi 4 walikuwa kama milioni 6. Wa 5 hadi 9 walikuwa milioni 6.2, na wa 10 hadi 14 walikuwa milioni 6.3. Hapo tayari una milioni 18.5. Ongeza wa 15 hadi 19, ambao ni kama milioni 5.3, na umefika milioni 23.8. Nusu imetimia pale pale kundi hilo linapoisha, yaani kwenye miaka 20.

Ukitumia jedwali hilo hilo kutafuta wastani, kwa kuchukua umri wa katikati wa kila kundi na kuuzidisha kwa idadi ya watu, unapata kama miaka 24. Pengo hilo la miaka minne linaletwa na watu wazima wachache waliosambaa hadi juu kabisa. Waliotimiza miaka 65 hawakufika milioni mbili, ila kila mmoja wao anaingia kwenye hesabu na miaka yake yote.

Pengo lenyewe linaweza hata kugeuka. Huko Japani, ambako wazee ni wengi na watoto ni wachache, mwaka 2020 umri wa kati ulikuwa kati ya miaka 48 na 49, na wastani ulikuwa chini yake. Kule watoto wachache ndio walio mbali na kundi kubwa, kwa hivyo wao ndio wanaovuta wastani, na wanauvuta kuelekea chini.

Usidhani pia kwamba umri wa kati hupanda hasa kwa sababu watu wanaishi zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke wa Kenya alizaa kwa makadirio watoto wanane maishani mwake, na umri wa kati wa nchi ulikuwa kama miaka 15. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulipata watoto 3.4 kwa kila mwanamke. Watoto wanaoingia chini ya foleni wakipungua, katikati ya foleni husogea juu, hata kama hakuna mzee aliyeongezewa siku moja ya kuishi.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla ya kuamini nambari yenye desimali. Karani wa sensa akiuliza umri, manze, wengi hujibu kwa kukadiria: “andika hamsini,” “weka thelathini na tano.” Umri unaoishia na 0 au 5 hujaa watu kuliko kawaida. Wataalamu wana kipimo cha kuukamata mchezo huu, kiitwacho kipimo cha Whipple. Huangalia watu wa miaka 23 hadi 62 na kuhesabu waliotaja umri wa aina hiyo. Kikisoma 100, hakuna anayependelea tarakimu hizo. Kikisoma 500, kila mtu amezitaja. Kwetu hili lina uzito kwa sababu mstari wetu wa kati umeangukia pale pale kwenye 20, na mtu wa miaka 19 anayejiita wa 20 huwa ameuvuka. Ukiniuliza, “kama miaka 20” inatosha.

Turudi kwa yule mwanasiasa. Nusu ya Wakenya walio chini ya miaka 20 ni pamoja na watoto wa chekechea, na hao hawapigi kura. Ukilichukua jedwali lile la 2019 na kuwaondoa wote walio chini ya miaka 18, umri wa kati wa waliobaki unaruka hadi kama miaka 33 au 34. Na hao ni wenye haki ya kupiga kura, si waliojiandikisha. Katika daftari la IEBC la uchaguzi wa 2022, lililokuwa na watu milioni 22.1, wenye miaka 18 hadi 34 walikuwa karibu asilimia 40. Ikiwa walio chini ya miaka 35 hawakufika nusu, basi mpiga kura wa katikati alikuwa ameshapita 35, katika nchi ambayo mtu wa katikati ana kama 20.

Kundi kubwa kuliko yote katika jedwali la 2019 lilikuwa la watoto wa miaka 10 hadi 14, wale milioni 6.3. Kufikia Agosti 2027, karibu wote watakuwa na kati ya miaka 18 na 22.