Kila Safari na Profaili Yake

Skyrim ilitoka Novemba 2011, na toleo lake la Special Edition likafuata Oktoba 2016. Kinachowafanya watu waendelee kuicheza mpaka leo ni modi, yaani faili zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe ili kuongeza au kubadilisha kitu ndani ya gemu: silaha mpya, uchawi mpya, mitindo ya kupigana, hata sura ya miti na mawe. Mchezaji mzoefu huwa na mamia ya modi kwenye kompyuta yake, na si ajabu akawa na safari mbili au tatu zinazoendelea kwa wakati mmoja, kila moja na mhusika wake.

Tumchukue mchezaji mwenye safari mbili. Ya kwanza ni ya shujaa wa upanga. Amemwekea modi za silaha, pamoja na modi zinazobadilisha namna mwili unavyosogea wakati wa kupigana. Ya pili ni ya mchawi, naye anatumia Ordinator, inayopanga upya ujuzi wa mhusika, na Apocalypse, inayoongeza tahajia nyingi za uchawi. Modi za mandhari wanatumia zilezile wote wawili. Swali ni namna ya kuwaweka kwenye kompyuta moja bila mambo ya mmoja kuingia kwa mwenzake.

Hatari kubwa iko kwenye sevu. Kila unaposevu, gemu huandika pia orodha ya plagini zilizokuwa zikifanya kazi, na kila kitu cha mhusika kilichotoka kwenye plagini hizo hutambuliwa kwa kupitia orodha hiyo. Sasa tuseme mchezaji wetu amezima modi za shujaa ili acheze mchawi, akafungua gemu na kubonyeza CONTINUE. Kitufe hicho hakijui mchawi wala shujaa. Hufungua sevu ya mwisho tu, na ya mwisho ni ya shujaa. Gemu litamwonya kwamba sevu hiyo inategemea vitu ambavyo havipo tena, kisha litamuuliza kama aendelee. Wengi hukubali bila kusoma. Shujaa anafunguka, lakini upanga wake umetoweka, kwa sababu plagini iliyouleta haipo.

Akigundua hapohapo na kufunga gemu, hakuna kilichoharibika, maana sevu ya zamani bado ni nzima. Tatizo huanza gemu linaposevu lenyewe, na Skyrim hufanya hivyo mhusika anapolala, anaposafiri au anapopita mlango. Sevu mpya inaandikwa bila ule upanga. Hata akija kurudisha modi kesho, upanga haurudi kwenye sevu hiyo, na skripti za modi zilizokuwa katikati ya kazi huenda zikaanza upya au zikakwama. Sevu za aina hiyo huzungushwa katika nafasi tatu, kwa hiyo milango mitatu tu inatosha kufuta zile nzuri.

Dawa yake ni profaili, na programu inayozisimamia vizuri kuliko zote nilizozitumia ni Mod Organizer 2. Haimwagi modi ndani ya folda ya gemu iitwayo `Data`. Kila modi hukaa kwenye folda yake, chini ya `mods`, na unapofungua gemu kupitia Mod Organizer, programu hulionyesha gemu mkusanyiko wa folda hizo kana kwamba zote zimo ndani ya `Data`. Ukifunga gemu, `Data` inabaki kama ilivyokuwa. Ndiyo maana lazima gemu lifunguliwe kutoka ndani ya Mod Organizer. Ukilifungua moja kwa moja kutoka Steam, litakuja tupu bila modi hata moja.

Profaili basi ni folda ndogo yenye faili chache za maandishi zinazosema modi gani imewashwa, ipi inaitangulia nyingine, na plagini zipangwe vipi. Ukiifungua `modlist.txt` ya mchawi utakuta kitu kama hiki:

```
+Apocalypse
+Ordinator
-Mapigano Mapya
+Mandhari
```

Alama ya kujumlisha ni iliyowashwa, ya kutoa ni iliyozimwa, na modi iliyo juu zaidi kwenye faili hii ndiyo inayoshinda pale modi mbili zinapogombania faili moja. Katika profaili ya shujaa, majina ni yaleyale lakini alama zinatofautiana. Modi zenyewe hazinakiliwi, kwa hiyo profaili kumi hazikugharimu nafasi ya maana kwenye diski.

Kutengeneza profaili ni kazi fupi. Fungua dirisha la profaili, chagua ile ya msingi yenye modi za mandhari tu, bonyeza Copy, ipe jina la Shujaa. Rudia kwa Mchawi. Kisha, kwa kila moja, weka tiki kwenye "Use profile-specific Save Games" na kwenye "Use profile-specific Game INI Files". Ile ya pili huipa kila profaili nakala yake ya `Skyrim.ini` na `SkyrimPrefs.ini`, kwa hiyo mipangilio ya picha ya mmoja haimgusi mwingine. Ile ya kwanza ndiyo yenye uzito, kwa sababu bila hiyo sevu zote huendelea kukaa pamoja kwenye folda moja ndani ya `Documents`, na CONTINUE inabaki mtego uleule. Ukishaiweka, sevu huingia ndani ya folda ya profaili yenyewe, na mchawi hawezi kabisa kuiona sevu ya shujaa. Kama ulikuwa na sevu za zamani, kitufe cha Transfer Saves kitakusaidia kumhamisha kila mhusika kwenda kwake.

Watu wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza. Hawajamaliza, na hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo, kwa sababu profaili hutenganisha orodha na sevu, lakini faili za modi ni za wote.

Angalia chini kabisa ya orodha ya modi. Kuna mstari uitwao Overwrite. Kila faili mpya inayozaliwa wakati gemu au programu nyingine inafanya kazi chini ya Mod Organizer huangukia humo, na maandishi yake hugeuka mekundu pale folda inapokuwa na kitu. Folda hii ni moja tu kwa profaili zote. Haina tiki ya kuizima, na inazishinda modi zote.

Turudi kwa shujaa. Modi zake za mapigano zinadai programu ya Nemesis, ambayo husoma modi za miondoko zilizopo na kuandika faili zinazoliambia gemu jinsi mwili usogee. Mchezaji anaiendesha, faili zinaangukia Overwrite, shujaa anapigana vizuri. Siku anapobadili kwenda profaili ya Mchawi, modi za mapigano zimezimwa, lakini faili za Nemesis bado zimo Overwrite zikiendelea kudai miondoko ambayo haipo. Anafungua gemu na kukuta kila mtu kijijini amesimama wima, mikono imenyooshwa pembeni kama msalaba, akiteleza ardhini bila kusogeza mguu. Ukiona hivyo, usianze kufuta modi za uchawi. Tazama Overwrite kwanza.

Namna ya kuponya ni hii. Rudi kwenye profaili ya Shujaa, bonyeza Overwrite kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Create Mod, na uipe jina linaloeleweka, kwa mfano "Nemesis - Shujaa". Faili zote zinahamia humo, Overwrite inabaki tupu, na sasa una modi ya kawaida yenye tiki. Iwashe kwa Shujaa, izime kwa Mchawi. Kama mchawi naye anahitaji Nemesis, iendeshe upya ukiwa ndani ya profaili yake na matokeo yake uyaweke kwenye modi nyingine, "Nemesis - Mchawi". Kazi hiyo unaweza kuifanya ijiendeshe: kwenye dirisha la kuhariri programu zinazofunguliwa kuna tiki ya "Create files in mod instead of overwrite", na chaguo hilo hukumbukwa kwa kila profaili peke yake. Utaratibu ni huohuo kwa DynDOLOD, kwa BodySlide, na kwa "Bashed Patch, 0.esp" ya Wrye Bash, kwa sababu zote huandika faili kwa kuangalia modi zilizowashwa wakati huo.

Kwa Bashed Patch dalili ni tofauti. Plagini hiyo hurithi kutoka kwa plagini za modi ilizoziunganisha, na moja kati ya hizo ikikosekana, gemu hufunga lenyewe kabla hata ya kufika kwenye menyu. Mod Organizer hukuonyesha alama ya onyo kando ya plagini iliyokosa mzazi wake, na alama hiyo haifai kupuuzwa hata siku moja.

Jambo jingine ni modi zenyewe. Ukipakua toleo jipya la Ordinator kwa ajili ya mchawi anayeanza leo, na profaili nyingine inaitumia ile ya zamani katikati ya safari ndefu, Mod Organizer itakuuliza uchague kati ya Merge, Replace na Rename. Ukichagua Replace umebadilisha kwa wote. Chagua Rename, weka namba ya toleo kwenye jina, na kila safari ishike lake. Vivyo hivyo ukifungua plagini kwa SSEEdit na kuihariri: umeihariri kila mahali. Na kuna hili linalowanasa hata wazoefu: ukificha faili ndani ya modi, Mod Organizer huibadilisha jina kwa kuiongezea `.mohidden`, na imefichika kwa profaili zote. Kwa mabadiliko ya namna hiyo, nakili modi nzima kwanza kisha uhariri nakala.

Mpaka wa mwisho wa profaili ni folda ya gemu lenyewe, ile yenye `SkyrimSE.exe`. Humo ndimo kwa kawaida huwekwa `skse64_loader.exe`, na humo ndimo ENB huweka `d3d11.dll` yake kwa ajili ya mwanga na vivuli. Vitu hivyo havipiti kwenye folda za modi, kwa hiyo ENB ya shujaa ndiyo ENB ya mchawi. Na Steam ikisasisha gemu usiku, SKSE ya toleo la zamani inagoma na modi zinazoitegemea zinalala katika profaili zote kwa pamoja. Nyongeza ya Mod Organizer iitwayo Root Builder hukuwezesha kuziweka faili hizo ndani ya modi zenye tiki. Lakini kama safari moja lazima ibaki kwenye toleo fulani la gemu, profaili haitoshi. Nakili folda nzima ya gemu nje ya Steam, tengeneza instansi ya pili ya Mod Organizer inayoielekea nakala hiyo, na uiache hapo na folda yake ya modi, profaili zake na Overwrite yake mpaka mhusika huyo afike mwisho.