Onyo la YouTube na Misa ya Pasaka Isiyorushwa

Parokia nyingi hurusha Misa mubashara kwa ajili ya wagonjwa na wazee, lakini wachache wanaosimamia chaneli hizo wanajua jinsi adhabu za YouTube zinavyojilimbikiza. Kosa la kwanza kwa kawaida huleta tahadhari tu, bila kufungiwa lolote. Kinachofuata baada ya hapo ndicho kinachoitwa onyo, na kila onyo huishi siku 90 tangu siku lilipotolewa.

Tuchukue parokia ya mfano ambayo imekwisha kupewa tahadhari. Tarehe 3 Februari 2026 inaweka video ya ushuhuda inayowahimiza wagonjwa waache dawa, nayo inapewa onyo la kwanza. Kwa muda wa wiki moja, hadi tarehe 10 Februari, haiwezi kupandisha video wala kurusha mubashara. Hata video zilizopangiwa saa ya kutoka hufichwa, na baadaye hazina budi kupangwa upya. Wiki ikiisha, huduma hurejea, na hapo ndipo wengi hudhani kwamba jambo limekwisha. La hasha: onyo lenyewe litadumu hadi tarehe 4 Mei.

Tarehe 25 Machi chaneli hiyohiyo inaweka picha za ajali zenye miili iliyoumizwa vibaya. Kwa kuwa onyo la kwanza lingali hai, hili ni la pili, na kifungo chake ni wiki mbili, yaani hadi tarehe 8 Aprili. Pasaka mwaka huo ni tarehe 5 Aprili. Hivyo kuanzia Jumapili ya Matawi, Juma Kuu lote pamoja na Pasaka yenyewe hupita bila matangazo, na mgonjwa aliyezoea kufuata Misa akiwa kitandani hapati kitu. Onyo la tatu likitolewa kabla ya tarehe 4 Mei, chaneli nzima hufutwa. Likija baada ya hapo, litahesabiwa kuwa la pili, kwa maana la Machi linaendelea hadi tarehe 23 Juni.

Kuifuta video husika hakuondoi onyo. Anayeamini kwamba ameonewa akate rufaa kupitia YouTube Studio. Asithubutu kurushia Misa kwenye chaneli nyingine wakati wa kifungo, hata iwe ya kwaya au ya vijana, kwa sababu kukwepa adhabu kwa njia hiyo kunaweza kuleta kufutwa kwa chaneli.

Maonyo ya hakimiliki huhesabiwa peke yake, hayachanganywi na haya. Nayo matatu hufuta chaneli. Lakini muziki uliorekodiwa ukipigwa kabla ya Misa, mara nyingi kinachotokea ni dai la mfumo wa utambuzi wa muziki, ambalo si onyo. Hata hivyo, muziki huo usipozimwa, matangazo yaweza kukatwa papo hapo, Misa ikiwa katikati.