Namba Zinapopanda na Kushuka

Stesheneri moja ya Tandika, wilayani Temeke, ilikuwa ikiuza kurasa za maswali ya kujiandaa na usaili wa mchujo, zilizotolewa kopi ya kopi hadi nyota zikafanana na madoa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na majibu matupu: 17, 11, C. Kwa nini 11? Hakuna aliyeandika.

Hilo la 17 ni jepesi: 2, 3, 5, 8, 12, kisha? Toa kila namba katika ile inayoifuata, upate 1, 2, 3, 4. Sasa ni zamu ya 5, na 12 jumlisha 5 ni 17.

Linalotesa ni la pili: 3, 20, 5, 17, 8, 14, 12, kisha? Tofauti zinarukaruka: juu 17, chini 15, juu 12, chini 9, juu 6, chini 2. Wengi wakifika hapa huanza kuzidisha na kugawanya, karatasi ikajaa, muda ukaisha. Kumbe huko kupanda na kushuka kwa zamu ndiyo dalili yenyewe: ni mifululizo miwili iliyosukwa pamoja kama ukili. Ruka namba moja moja. Wa kwanza ni 3, 5, 8, 12, unaongezeka kwa 2, 3, 4. Wa pili ni 20, 17, 14, unapungua kwa 3. Nafasi iliyo wazi ni ya nane, mali ya mfululizo wa pili, kwa hiyo jibu ni 11. Mtunzi mjanja huweka na 17 kati ya machaguo, amnase aliyegundua kanuni ya mfululizo wa kwanza akasahau kuhesabu nafasi.

Michoro nayo ina mtego wake. Safu ya juu: duara na nukta, nukta na pembetatu, duara na pembetatu. Safu ya chini: mraba na nyota, nyota na mstari, kisha? Safu ya juu inaonyesha kwamba umbo linalojirudia katika visanduku viwili vya kwanza hufutika, yanabaki yasiyo na mwenzake. Nyota inaondoka, tunabaki na mraba na mstari, ambayo ndiyo C. Anayechagua maumbo yote matatu amejumlisha tu. Anayechagua nyota peke yake ameigeuza kanuni.

Lakini maswali mengine mabovu hayana jibu moja. 1, 2, 4, kisha? Ukizidisha kwa mbili ni 8. Ukiongeza 1, 2, 3 ni 7. Zote halali. Kosa ni la mtunzi, aliyekata mfululizo mapema mno.

Michoro kama ile ya mraba na nyota ilienezwa na Mwingereza John Raven, aliyechapisha jaribio lake mwaka 1938. Mwaka 1980 ilitumika kuwapima wafanyakazi wa mishahara Dar es Salaam na Nairobi, pamoja na majaribio ya kusoma na hesabu. Boissiere, Knight na Sabot walipochapisha matokeo mwaka 1985, alama za michoro peke yake zilieleza kidogo sana tofauti za mishahara. Alama za kusoma na hesabu zilieleza zaidi.