Fahamu: Zaka na injili ya mafanikio

Zaka, au fungu la kumi, ni sehemu moja ya kumi ya mapato ambayo Mkristo hutoa kanisani. Sadaka ni toleo lisilo na kiwango.

Hesabu yake

Mchuuzi wa Kilakala, Morogoro, akinunua na kusafirisha mboga za Uluguru kwa shilingi 160,000 kisha akaziuza 200,000, zaka ya faida ni shilingi 4,000. Akidaiwa zaka ya mauzo yote, ni 20,000, yaani nusu ya faida yake. Tofauti hiyo si ndogo, na mahubiri mengi huipita kimya.

Dai la mafanikio

Wahubiri wa mafanikio husoma Malaki 3:10 kama mkataba: atoaye hufunguliwa utajiri, asiyetoa hujiletea laana. Mmarekani Oral Roberts aliieneza hoja ya “kupanda mbegu”, yaani kutoa fedha kwa kutarajia mavuno.

Wanaopinga

Wakosoaji hujibu kwamba Malaki alisema na Israeli, ambako zaka ilikuwa mazao na mifugo ya kuwatunza Walawi. Kumbukumbu la Torati 14 inaelekeza zaka ya kila mwaka wa tatu iwafikie pia wageni, yatima na wajane; leo mjane ndiye huombwa atoe. Wanateolojia wa Kiafrika wa Vuguvugu la Lausanne, waliokutana Akropong, Ghana, 2008 na 2009, waliyaona mafundisho ya mafanikio kuwa upotoshaji wa Biblia. Kanisa Katoliki hutaka waumini wachangie kadiri ya uwezo wao.