Maji Hutuama, Tope Hutua: Hesabu ya Tangi la Kutuamishia Maji ya Kijiji

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyokaribiana kwa sauti lakini visivyoeleza jambo moja. Kutuama husemwa juu ya maji yaliyotulia mahali pamoja bila kwenda. Kutua husemwa juu ya kitu kinachoshuka hata kikafika chini, kama ndege atuapo au mzigo utuliwapo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi tangi la kutuamishia maji linavyopimwa kabla ya kujengwa, hasa kwa mradi mdogo usio na mashine. Itaonekana kwamba kosa kubwa la hesabu hiyo hutokana na kuchanganya vitenzi hivyo viwili: fundi huhesabu muda ambao maji yatatuama, akasahau kuhesabu kasi ambayo tope hutua.

Ichukuliwe mfano wa kijiji cha watu 4000 chini ya milima ya Mitumba, upande wa Uvira, ambako vijito hushuka kwa haraka kuelekea bonde la Ruzizi na ziwa Tanganyika. Maji hukingwa juu ya kijiji na kuteremka kwa bomba bila pampu. Kila mtu akikadiriwa lita 30 kwa siku, mahitaji ni meta za ujazo 120 kwa siku. Maji yakiachwa yatiririke usiku na mchana kwa kiasi kilekile, hiyo ni meta za ujazo 5 kwa saa. Baada ya tangi hufuata kichujio cha mchanga kipitishacho maji polepole, kisha hodhi ya akiba, ndipo mabomba ya kijiji.

Wakati wa kiangazi kijito kama hicho huwa cheupe, na tangi halina kazi kubwa. Mvua ikinyesha milimani maji hugeuka rangi ya udongo. Tope hilo likikifikia kichujio, uso wa mchanga huziba kwa siku chache badala ya wiki nyingi. Walinzi huchoka kukwangua mchanga kila mara, na mwisho wake hufungua bomba la pembeni ili maji ya kijito yapite moja kwa moja hadi vijijini. Katika sehemu ambayo kipindupindu hurudi mara kwa mara, bomba hilo la pembeni ndilo hatari yenyewe, kwani watu hunywa maji ya mto wakidhani wanakunywa ya mradi.

Kipimo cha kwanza huitwa muda wa kukaa. Ni ujazo wa tangi ukigawanywa kwa maji yaingiayo kila saa. Tangi la meta za ujazo 24 likipokea meta za ujazo 5 kwa saa, maji hukaa humo saa 4,8. Kipimo hiki hueleweka upesi, na ndiyo sababu hupendwa: kila aliyewahi kuacha ndoo ya maji machafu usiku kucha anajua kwamba muda husafisha. Lakini ndoo haina maji yanayoingia na kutoka, na kina chake ni kifupi. Kina ndicho kinachosahauliwa.

Ichukuliwe chembe ya mchanga laini mno yenye upana wa milimeta 0,01. Kwa kanuni aliyoitoa Stokes mwaka 1851, chembe ya namna hiyo, katika maji ya joto la digrii 20, hushuka karibu meta 0,32 kwa saa. Katika saa 4,8 itashuka takriban meta moja na nusu. Sasa yajengwe matangi mawili yenye ujazo uleule wa 24. La kwanza lina kina cha meta 1,5 na uso wa meta za mraba 16. La pili lina kina cha meta 3 na uso wa meta za mraba 8. Muda wa kukaa ni ule ule. Katika tangi la kwanza, hata chembe iliyoingia juu kabisa hufika sakafuni kabla maji hayajatoka. Katika la pili, chembe iliyoingia juu huwa imefika nusu ya kina tu, nayo huchukuliwa na maji yatokayo. Zinazotua ni zile zilizoingia katika nusu ya chini peke yake. Saruji imetumika, muda umetimia, na karibu nusu ya chembe hizo zimepita.

Mhandisi Mmarekani Allen Hazen ndiye aliyelieleza jambo hili waziwazi mwaka 1904. Alionyesha kwamba kinachoamua ni eneo la uso, wala si kina. Yagawanywe maji ya siku kwa eneo la uso, na kipatikanacho huitwa mzigo wa uso. Tangi la kwanza: 120 kwa 16, yaani meta za ujazo 7,5 kwa kila meta ya mraba kwa siku. La pili: 15. Jina hili la mzigo si baya, ila huficha jambo moja. Meta za ujazo zikigawanywa kwa meta za mraba, hubaki meta; basi 7,5 si mzigo hata kidogo bali ni kasi, meta 7,5 kwa siku. Ni kasi ya chembe iliyo nyepesi kuliko zote ambazo tangi litazikamata bila kukosa hata moja. Waliosoma kwa Kifaransa huiita kasi ya Hazen, na pengine Kiswahili kingefaidika kusema kasi ya kutua, kwani neno hilo lingemkumbusha fundi anachopaswa kulinganisha. Chembe ya mfano wetu hushuka meta 7,7 hivi kwa siku. Tangi la kasi 7,5 litaikamata, la kasi 15 halitaikamata yote.

Je, kijito chenyewe kina chembe za namna gani? Hapa hesabu haitoshi. Lazima maji yapimwe, nayo yachotwe siku ya mafuriko, wala si siku ya jua. Chombo kirefu cha kuonekana ndani hujazwa maji yaliyokorogwa vizuri, kikawekwa kivulini mahali pasipotikisika. Chembe iendayo meta 7,5 kwa siku hushuka sentimita 30 kwa muda wa dakika 58. Basi karibu saa moja ikipita, maji yavutwe kwa mrija mwembamba kutoka kina cha sentimita 30. Yatakayopatikana yana chembe zile tu zitakazolishinda tangi. Yakiwa yameng'aa vya kutosha kwa kichujio, kipimo cha 7,5 kinafaa. Yakiwa bado na ukungu, saa mbili zijaribiwe, maana yake nusu ya kasi hiyo na uso mara mbili.

Lakini kama chombo kimelala usiku kucha na maji yangali ya kahawia, tatizo si ukubwa wa tangi. Ule ni udongo mfinyanzi. Chembe yake ya milimeta 0,002 hushuka sentimita 30 hivi kwa siku nzima, na hapana kijiji kitakachojenga uso wa kuikamata. Hapo hutakiwa shabu, inayozikusanya chembe ziwe mabonge mazito, au kutafutwa chanzo kingine. Ni afadhali kulijua hilo kwa chombo kimoja kuliko kwa mifuko mia ya saruji.

Tuseme kipimo cha 7,5 kimefaa. Uso unaohitajika ni meta za mraba 16. Hata hivyo tangi moja halitoshi, kwa kuwa siku ya kuosha kijiji kitakosa maji au kitapewa machafu. Yajengwe mawili, kila moja na upana wa meta 2 na urefu wa meta 8, ili hata moja likifungwa, jingine libebe maji yote kwa kasi ya 7,5. Yote mawili yakifanya kazi, kasi hushuka hadi 3,75 na muda wa kukaa hufika saa 9,6. Ziada hiyo si anasa. Hesabu ya Hazen hudhania maji yaendayo sawasawa kama jeshi katika gwaride, na maji ya kweli hayaendi hivyo.

Maji yakiingia kwa bomba tupu hupiga mbio katikati hadi mwisho wa tangi, huku pembe zikilala bure. Dawa yake ni ukuta wenye matundu, karibu meta moja kutoka mlango wa maji. Kwa tangi hili, matundu 28 ya upana wa sentimita 2,5, katika safu nne, yatapitisha maji yote kwa sentimita 10 hivi kwa sekunde, mwendo mdogo usiovuruga tope. Safu ya chini iwe juu ya mahali pa kulimbikiza tope.

Upande wa kutokea, maji yamwagike juu ya kingo inayokatiza upana wote wa meta 2. Hapa mafundi wengi hujikwaa bila kujua. Maji yote ya kijiji yakipita juu ya kingo hiyo, unene wake ni milimeta 5 tu. Kingo ikiinama sentimita moja kutoka ukuta hadi ukuta, maji yote yatamwagika upande mmja, na nusu ya tangi itakuwa kama haikujengwa. Kipande cha bati chenye meno ya pembetatu, kilichofungwa kwa skrubu ili kiweze kusawazishwa baadaye, hurekebisha kosa ambalo saruji haiwezi kulirekebisha.

Kina, basi, kina kazi gani? Kwanza hutuliza mwendo wa maji yasikwangue yaliyokwisha kutua. Pili hutoa mahali pa tope. Meta 1,5 ni za maji, nusu meta chini yake ni ya tope, na sentimita 30 juu ni za usalama. Ikiwa tangi linakamata gramu 200 za tope kavu kwa kila meta ya ujazo, hizo ni kilo 24 kwa siku. Zikilowa huchukua karibu robo ya meta ya ujazo. Nafasi ya tope ya matangi yote mawili, meta za ujazo 16, itajaa kwa miezi miwili hivi. Mafuriko yakileta tope mara kumi, itajaa kabla ya wiki kwisha. Kwa hiyo sakafu iinamie upande wa kuingilia, ambako tope zito hutua kwanza, na hapo pawekwe bomba pana la kumwagia.

Baada ya ujenzi, jaribio moja hufichua mengi. Moja ya matangi lifungwe, na katika lile libakilo rangi isiyodhuru imwagwe mlangoni kwa mkupuo mmoja, saa ikitazamwa. Kwa hesabu maji hukaa saa 4,8. Rangi kutokeza mapema kidogo ni kawaida. Ikitokeza kwenye kingo baada ya nusu saa, maji yamepata njia ya mkato. Ikitokeza upande mmoja tu, kingo imeinama. Na ikionekana asubuhi ikipita chini chini sakafuni, sababu huenda ni baridi: maji ya mlimani ya usiku ni mazito kuliko yale yaliyopata joto tangini, nayo huzama na kuteleza chini yake. Ukuta wa matundu hupunguza tabia hiyo lakini hauimalizi, na ndipo ile ziada ya tangi la pili inapotumika.